Siku Nilizofanya Kazi Nikiwa Likizo

Karatasi ililetwa na dereva wa kiwanda, na akaiacha kwa jirani kwa sababu aliona aibu kunikabidhi mkononi. Dereva yule namjua. Ni mtu wa maneno mengi, hapiti mlangoni pa mtu bila kuulizia chai. Siku hiyo aliondoka kama aliyeiba kuku. Nilipofungua bahasha nikamwelewa. Juu paliandikwa "Hesabu ya Malipo ya Mwisho," na chini kabisa, mahali ambapo mtu aliyetumika miaka tisa hutazamia kuona anacholipwa, paliandikwa kwamba mimi ndiye ninayedaiwa. Laki sita na elfu ishirini na nane. Nilipe ndani ya siku kumi na nne.

Kwanza nilicheka. Nilidhani wamekosea wakaweka alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Halafu nikaona sahihi ya aliyeandaa hesabu, sahihi yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina na kurudi, na kicheko kikanikauka. Ilikuwa sahihi ya Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa afisa utumishi wa kiwanda chetu cha maboksi, mimi nikiwa mtunza stoo. Tuliajiriwa mwezi mmoja. Pacha wake walipozaliwa, mimi ndiye niliyembeba wa pili kwenda kliniki, yeye akimbeba wa kwanza, maana baba yao alikuwa safarini, na tangu hapo safari yake haijaisha. Tulikunywa chai chupa moja kila siku saa nne. Yeye aliniita mwenzangu, nami nilimwita mwenzangu, na ukimkuta mmoja wetu peke yake ulikuwa unauliza mwingine anaumwa nini. Wengine wote kiwandani waliniita Stoo. Hata shemeji zangu sasa wananiita Stoo, na sijui kama bado wanakumbuka jina nililopewa na wazazi wangu.

Meneja wetu tulimwita Mjomba. Jina hilo alijipa mwenyewe. "Hapa hakuna bosi na mfanyakazi," alipenda kusema, "sisi ni familia." Ni mjomba wa ajabu, ambaye ukimwomba ruhusa ya kwenda mazishini anakuuliza marehemu ni wa upande gani. Lakini alikuwa na ulimi mtamu, na ulimi mtamu ukiuzoea unausikia kama haki yako.

Sasa nieleze likizo zetu, maana humo ndimo maneno yote yalimozaliwa.

Desemba ndio mwezi wa mavuno kwa kiwanda cha maboksi. Kila mwenye duka anataka kufungasha, kila kiwanda cha biskuti kinataka katoni, na mtu akisema anakwenda likizo anatazamwa kama aliyetangaza uhaini. Lakini Januari wakaguzi wa hesabu wanakuja, na siku za likizo ambazo watu hawakuchukua ni deni la kampuni, na deni lazima lionekane kwenye vitabu. Mjomba hakupenda deni lionekane. Ndipo akabuni jambo tuliloliita likizo ya makaratasi. Kila Desemba alisimama kantini, baada ya chakula cha mchana, akatuomba tusaini fomu kwamba tuko likizo siku kumi na nne, kisha turudi kwenye mashine. "Siku zenu zipo palepale," alisema, mkono kifuani. "Hizi ni karatasi za wakaguzi tu. Ukizihitaji siku zako, au ukiondoka, utazikuta. Ahadi ni deni." Nasi tukasaini. Nani angebisha? Mama Pacha alizunguka meza kwa meza na kalamu, akitania, "Haya, mwenzangu, safari njema, usisahau kuniletea zawadi." Mimi nikasaini, nikarudi stoo kuhesabu marobota ya karatasi mpaka giza. Desemba tatu nilikwenda likizo ya namna hiyo.

Mwaka huu mdogo wangu akaniletea habari. Yeye alikuwa mfua mashuka hotelini, na hosteli moja ilikuwa inafungwa, inauza mashine zake mbili kubwa za kufulia na ya kukaushia. Bei milioni mbili. "Dada, nusu ninayo mimi," akasema, "wewe leta nusu, tufungue dobi letu. Hoteli ndogo zote za mtaa ule hazina pa kufulia, nimeshawauliza." Ninamjua mdogo wangu, si mtu wa ndoto za mchana. Akatoa milioni yake yote, akampa mwenye hosteli kama arubuni. Tulipewa mpaka mwisho wa Septemba kumaliza. Tukishindwa, mashine zinauzwa kwa mwingine na arubuni hairudi. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na mdogo wangu alisaini kwa sababu mimi nilimwambia nusu yangu ipo.

Nami niliamini ipo. Nilikaa na Mama Pacha saa nne, kwenye chai yetu, tukaipiga hesabu kwenye mgongo wa risiti. Mshahara wangu laki tano na elfu ishirini. Ukigawa kwa siku ishirini na sita za kazi, kila siku ni elfu ishirini. Siku za Desemba tatu, arobaini na mbili, ni laki nane na arobaini. Likizo ya mwaka huu, siku ishirini na moja kwa mwaka, kwa miezi minane ni siku kumi na nne, laki mbili na themanini. Ningefanya kazi mwezi wa notisi nilipwe mshahara wangu kama kawaida. Kisha wakate salio la mkopo wa kampuni, laki nne, niliokopa kuezeka nyumba. Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyejumlisha. "Kodi ikishatoka unabaki na milioni na kidogo," akasema. "Mwenzangu, utaniacha na nani hapa?" Akafuta jicho. Na mimi nikafuta langu.

Siku ya kwanza ya Septemba nikapeleka barua ya kuacha kazi, notisi ya mwezi mmoja kama mkataba unavyosema. Mjomba aliisoma amesimama. Hakusema neno la familia hata moja. Nilipotoka chakula cha mchana mlinzi akaniomba kitambulisho cha geti, akaniambia ameagizwa nisiingie tena kesho. Nikarudi mbio kwa Mama Pacha.

"Ndivyo alivyo akikasirika," akaniambia, sauti ya chini. "Usibishane naye, atakuharibia. Wewe andika barua fupi kwamba unaomba kuachiwa mapema kwa sababu zako binafsi. Nikiwa nayo kwenye faili nakufanyia hesabu yako haraka, wiki hii hii unalipwa. Si unaziwahi mashine zako?"

Alinitajia maneno, mimi nikaandika. Niliandika pale pale, kwenye meza yake, kwa kalamu yake, naye alinisogezea chai wakati naandika.

Ile karatasi ya dereva ndiyo ilikuwa hesabu niliyofanyiwa haraka. Siku moja ya Septemba niliyofanya kazi, elfu ishirini. Likizo ya mwaka huu, laki mbili na themanini. Likizo ya miaka ya nyuma, sifuri, "ilishachukuliwa, tazama fomu." Kisha makato. Mkopo, laki nne. Notisi ambayo sikuitumikia kwa kuwa niliomba mwenyewe kuondoka, mshahara mzima wa mwezi, laki tano na ishirini. Na kufuli la stoo, elfu nane, kwa sababu eti lilikutwa na kutu. Kufuli nililikuta pale na kutu yake, miaka tisa iliyopita.

Jioni nikaenda kwa Mama Pacha. Alifungua mlango nusu, akasimama katikati yake. Nyuma niliwasikia pacha wakigombania redio.

"Nimeiona," nikamwambia.

"Mwenzangu, usinifanye hivyo. Mimi naandaa tu. Hesabu inatoka juu."

"Barua uliniandikisha wewe."

Akatazama barabarani, juu ya bega langu. "Barua ni yako. Mwandiko ni wako."

"Na Desemba? Tulikuwa wote. Ulikuwa unakuja stoo kuchemsha chai pale kwenye jiko langu la umeme. Sema basi kwamba nilikuwepo. Neno moja tu, Mama Pacha."

"Fomu zinaonyesha ulikuwa likizo," akasema. Alisema kwa sauti ya ofisini, sauti anayowasemea wageni. Kisha akashusha: "Nina watoto wawili shuleni. Wewe una mdogo wako na mashine, mimi nina kazi hii tu. Nielewe."

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa adui ningemtukana nikalala usingizi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema unafanya nini nguo yenyewe ikiwa ndiyo uliyokuwa ukiipenda kuliko zote. Niliondoka bila kuaga, na njia nzima nilikuwa najisemea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mdogo wangu alisoma ile karatasi mara moja, akaiweka mezani. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu. "Dada," akasema, "mimi hotelini nimeshaaga." Halafu akainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Asubuhi nikaenda ofisi ya kazi, ile ya serikali, inayoshughulikia malalamiko ya wafanyakazi. Afisa wa kazi aliyenipokea alikuwa na mafua makali na hakuwa na huruma yoyote ya kuonyesha. Alisoma, akapenga kamasi, akasoma tena.

"Mkataba unao?"

"Ninao."

"Hati za mshahara?"

"Zote. Za miaka yote tisa."

"Wengi wenu mnazifungia maandazi," akasema, akaniandikia kwamba niende na mkataba na hati hizo siku ya usuluhishi, na kwamba mwajiri ataitwa. Siku ikapangwa wiki ya mwisho ya Septemba. Nilihesabu zilizobaki mpaka siku ya mwenye hosteli, nikaona zinatosha kwa shida.

Walikuja wawili, Mjomba na Mama Pacha. Mjomba alivaa suti na akanisalimia kwa furaha, "Stoo wetu!" kama tumekutana harusini. Mama Pacha alikumbatia faili kifuani na hakunitazama. Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, na feni iliyokuwa inazunguka upande mmoja tu, wa afisa.

Afisa alianza na yasiyobishaniwa. Siku moja ya Septemba, sawa. Likizo ya mwaka huu, siku kumi na nne, sawa. Mkopo, laki nne, mimi mwenyewe nilikubali kwenye mkataba wa mkopo kwamba nikiondoka salio likatwe. Sawa. Alipofika kwenye kufuli akainua macho.

"Hili kufuli alilivunja?"

"Lina kutu," Mjomba akasema.

"Kuna mahali alikubali kwa maandishi kukatwa?"

Mjomba akamtazama Mama Pacha. Mama Pacha akatikisa kichwa.

"Basi kutu si kosa la mfanyakazi," afisa akasema, akachora mstari juu ya kufuli. "Sasa notisi. Alileta notisi ya mwezi, ninayo hapa. Kwa nini amekatwa mshahara wa mwezi?"

"Aliomba mwenyewe kuondoka siku ileile." Mjomba akasukuma mbele barua yangu.

Afisa akaisoma. "Nanyi mkamkubalia?"

"Tukamkubalia. Sisi ni familia."

"Kama aliomba mkamkubalia, mmesameheana. Hakuna wa kumkata mwenzake. Mngemkata kama angepotea bila ruhusa." Akachora mstari wa pili. Nikapumua. Lakini hakuwa amemaliza. Alinigeukia mimi. "Ila na wewe hulipwi hiyo notisi, mama. Wangekuzuia wao kuitumikia, wangekulipa mshahara wa mwezi. Barua inasema uliomba wewe."

"Walinizuia getini kabla sijaandika. Na barua niliandikishwa."

"Na nani?"

Nikamtazama Mama Pacha. Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya faili. Afisa akapenga kamasi, akaandika kitu, akasema, "Tuiache kwanza. Tuje kwenye Desemba."

Fomu tatu zikawekwa mezani, zote zina sahihi yangu. Mjomba alizipanga vizuri, kingo kwa kingo. Afisa akaomba hati zangu za mshahara, akatafuta za Desemba, akazilaza pembeni ya fomu. Alitumia muda mrefu. Nilikuwa nimezisoma hati hizo usiku mzima na bado nilikuwa siamini kwamba mwingine ataona nilichoona.

"Hapa anasema yuko likizo siku kumi na nne," akasema. "Na hapa, mwezi huohuo, mnamlipa saa za ziada arobaini na sita. Mwaka uliofuata, hamsini. Uliofuata, arobaini na moja." Akamtazama Mjomba. "Anafanya saa za ziada akiwa likizo? Au zote alizifanya ile nusu nyingine ya mwezi, bila kulala?"

Hati hizo ziliandaliwa na Mama Pacha. Katika miaka yote hakuwahi kunipunja saa moja. Usiku tuliofunga stoo saa mbili, aliandika saa mbili. Nilikuwa nikisema kwa watu, hata kama hujui kusoma, mshahara wako ukipitia mkononi mwa Mama Pacha, lala usingizi.

Mjomba akaomba dakika kumi. Afisa akasema anakwenda kutafuta maji ya moto.

Kwenye korido Mjomba alinishika kiwiko, akanipeleka mpaka kwenye dirisha la mwisho. Mama Pacha alibaki kwenye benchi.

"Stoo, mwanangu," akasema. Nina miaka arobaini na nne. "Mambo haya tusiyafikishe mbali. Siku zako arobaini na mbili, nakulipa. Notisi, nakulipa, nasema mwenyewe kwamba tulikuzuia. Leo hii, hundi ninayo mfukoni. Wewe useme tu kwamba fomu zile mlisainishwa na Mama Pacha, kwa akili zake, kuficha uzembe wake wa kutopanga likizo. Uongozi haukujua."

"Na yeye?"

"Yeye amekutetea lini?"

Nitasema ukweli wangu: maneno hayo yalikuwa matamu. Nilimwona Mama Pacha kule kwenye benchi, na viatu vyake vile vya kisigino kifupi tulivyochagua pamoja, nikasema moyoni, na aonje. Nilipiga hesabu yangu pale pale dirishani. Bila notisi, hata nikishinda Desemba zote, ni laki saba na arobaini kabla ya kodi. Milioni haifiki. Arubuni ya mdogo wangu inakwenda na maji. Nikikubali, yote yanatimia, na aliyenisaliti analipa. Ni nani angenilaumu? Na huyo ambaye angenilaumu, amewahi kufungiwa mlango nusu usoni pake?

Lakini nilipofungua mdomo niseme ndiyo, nikasikia harufu ya wino. Mjomba alikuwa ameshatoa karatasi, imeshachapwa, imebaki sahihi yangu tu. Aliichapa ofisini kabla hajaja. Alijua tangu asubuhi kwamba akizidiwa atamtosa nani, na alikuja naye ndani ya gari moja, pengine wakizungumzia mvua. Na kwangu pia alikuwa na uhakika. Stoo husaini. Ukimpa kalamu anasaini.

Hasira iliyonipanda haikuwa na uhusiano na wema. Nataka hilo lieleweke.

Tuliporudi ndani, afisa akiwa na kikombe chake, nikasema kabla ya mtu yeyote: "Mheshimiwa, meneja ameniambia nje kwamba atanilipa likizo na notisi, nikisema fomu zilibuniwa na huyu mama peke yake. Karatasi iko kwenye mfuko wake wa ndani. Aliyesimama kantini kila Desemba akatuambia tusaini ni yeye. Huyu mama alileta kalamu. Notisi yangu kama imepotea, ipotee."

Nilipoyasema hayo nilimwona mdogo wangu machoni pangu, akiosha vyombo visafi.

Mjomba akacheka. "Watu wakikosa hela..."

"Karatasi gani?" Mama Pacha akauliza.

Alimtazama Mjomba, kisha ule mfuko wa koti, ambako ncha nyeupe ilikuwa inaonekana. Nilimwona akielewa. Miaka tisa nimeutazama uso ule saa nne asubuhi, na sikuwahi kuuona ukizeeka mbele yangu. Akafungua faili, akalifunga, akaliweka sakafuni.

"Barua ile nilimwandikisha mimi," akamwambia afisa. "Meneja alinipa maneno. Mlinzi alikuwa ameshachukua kitambulisho chake saa sita mchana, iko kwenye kitabu cha geti, na barua iliandikwa saa nane. Na Desemba alikuwepo. Zote tatu. Wote tulikuwepo."

Afisa akapenga kamasi, akavuta kikokotoo. Wote tukasikiliza vidole vyake. Siku moja, elfu ishirini. Mshahara wa notisi, laki tano na ishirini. Likizo ya mwaka huu, laki mbili na themanini. Desemba, laki nane na arobaini. Jumla milioni moja, laki sita na sitini. Kodi na mchango wa hifadhi ya jamii vitoke kwanza, kisha mkopo laki nne. Nilibaki na milioni moja na elfu kumi na kitu. Mjomba akasaini, kwa mwandiko mdogo kuliko kawaida yake. Hundi aliyokuwa nayo mfukoni ikapata kazi halali.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, sikatai. Nilimpigia mdogo wangu nikiwa bado kwenye ngazi, akapiga kelele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Lakini chini ya furaha ile kulikuwa na kitu kilichokuwa kinanikereketa. Neno moja nililomwomba mlangoni kwake, kwa ajili yangu, lilimshinda. Wiki zote hizo lilimshinda, na dakika ishirini kabla, mbele ya afisa, lilimshinda. Alilipata alipoiona kamba imefungwa shingoni mwake. Kweli ile haikusemwa kwa ajili yangu hata kidogo, ila mimi ndiye niliyelipwa nayo.

Gari la kiwanda likatoka getini likiwa na Mjomba peke yake. Mama Pacha alibaki kwenye ngazi na mkoba wake. Akaja, akasimama pembeni yangu, karibu lakini si karibu kama zamani.

"Kesho ananifukuza," akasema.

"Inawezekana."

"Nami nina Desemba zangu. Nilikuwa nasaini na za kwangu, zaidi ya zenu. Na mimi sikuandikiwa saa za ziada, ofisini hawalipwi. Sina hata karatasi moja." Alikuwa anaongea haraka, macho chini. "Watataka mtu aliyeniona kazini siku hizo. Utakuja kunishuhudia?"

Watu walikuwa wanapanda na kushuka ngazi, kila mmoja na bahasha yake. Nilifikiri kumjibu kama alivyonijibu. Jibu lilikuwa tayari ulimini, na lilikuwa kali.

"Nitakuja," nikasema. "Nitasema ulikuwepo kila siku, kwa sababu ulikuwepo."

Akaanza kulia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mwenzangu. Asante."

Nikautoa mkono wangu taratibu, kidole kwa kidole.

"Mwenzako ulimwandikisha barua," nikamwambia. "Mimi ni shahidi tu."